Anwani Thelathini na Nane Ambazo Ramani Haikuziona

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, na ofisini hawakosekani watu wa kueleza kazi za wenzao. Kampuni ilikuwa inapeleka mitungi ya oksijeni majumbani kwa wagonjwa wa mapafu na wa moyo. Wateja walikuwa elfu tatu mia moja themanini na wanne, wote wameorodheshwa kwenye jedwali moja refu la kompyuta, kila mteja na mstari wake: namba, jina, simu, anwani. Meneja alitaka kila anwani igeuzwe kuwa nukta ya ramani, yaani zile namba mbili za latitudo na longitudo, ili mfumo mpya uwapangie madereva njia na simu iwaambie kata kushoto, kata kulia. Unapakia jedwali, mtambo wa ramani unazisoma anwani zote kwa mpigo, unakurudishia nukta. "Ni suala la kubonyeza tu," alisema Meneja.

Aliyepewa abonyeze alikuwa karani wa kumbukumbu, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mpole wa mdomo lakini mkali wa macho. Wenzake walimwita Bi Mistari, kwa sababu alikuwa haachi mstari hata mmoja upite bila kuukagua. Alikaa chumba cha pembeni chenye feni mbovu na dirisha linalotazama uwanja wa kupakilia, mitungi ikigongana huko nje kutwa nzima mpaka masikio yakazoea. Kazi hiyo alitafutiwa na mjomba wake, dereva wa kampuni hiyo hiyo, miaka kumi na miwili nyuma.

Huyo mjomba ndiye Mzee Kona. Jina walimpa madereva wenzake, maana hapakuwa na kona ya mji ule asiyoijua, wala hapakuwa na mtu aliyemwuliza njia akaondoka bila kusutwa kwanza. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi cha heshima na kofia ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Yeye na mkewe ndio waliomlea Bi Mistari tangu mama yake mzazi alipofariki, akiwa darasa la tatu. Huyo mke wa mjomba, Bi Mistari alimwita Mama, na hakuwahi kujiuliza amwite nini kingine.

Sasa Mama alikuwa mgonjwa wa figo. Zote mbili ziligoma, na kila Jumanne na Ijumaa alilazwa pembeni ya mashine ya kusafisha damu, saa nne zisizopungua. Hospitali ilimpokea kwa kadi ya bima ya mumewe, kadi ya kazini. Mzee Kona alikuwa amefika umri wa kupumzika, magoti yanalia akipanda ngazi, lakini aliendelea kubeba mitungi kwa sababu ya kadi ile. Siku atakayoacha kazi, kadi inakufa. Na kadi ikifa, jamani, hakuna haja ya kumalizia sentensi hiyo.

Bi Mistari alibonyeza Jumatatu asubuhi. Kabla ya hapo alikuwa ameshanakili jedwali zima na kuliweka kando lisiguswe, na kuhakikisha kila mteja ana namba yake, ili chochote kitakachorudi kiunganishwe na mwenyewe na si na jirani. Mtambo ukachukua dakika ishirini. Ukarudisha mistari elfu moja mia tisa arobaini na sita iliyofika mpaka nyumba au mtaa. Mia nne ishirini na saba haukuzipata kabisa. Na mia nane kumi na moja ndizo zilizomfanya ashike tama.

Kwa sababu mtambo wa ramani una tabia moja mbaya: hupenda kubahatisha kuliko kusema sijui. Usipouelewa mtaa, unakupa kata. Usipoielewa kata, unakupa mji. Bi Mistari alipopanga mistari kwa mujibu wa nukta, aliona wateja mia mbili na kumi na wawili wamelundikana mahali pamoja, katikati ya mzunguko wa barabara mbele ya ofisi za jiji. Wagonjwa mia mbili na kumi na wawili, wanakaa kwenye bustani ya maua na sanamu. Mmoja alikuwa amepelekwa bara jingine kabisa, maana mtambo haukuambiwa ni nchi gani, ukakuta jina linalofanana huko ughaibuni ukaridhika.

Mtu mvivu angehesabu hizo kuwa zimepatikana, kwa kuwa zina nukta. Yeye alisoma safu ya pembeni, ile inayosema nukta imefika kiwango gani, na kila iliyoishia kwenye kata au mji akairudisha kwenye kundi la zilizoshindikana. Zikawa elfu moja mia mbili thelathini na nane.

Wiki mbili zilizofuata alizitumia kusafisha. Kuna makarani waliokuwa wameandika namba za simu ndani ya anwani. Kuna waliofupisha barabara kwa namna nne tofauti. Kuna majina ya mitaa yaliyobadilishwa zamani, ramani inajua jipya, wateja wanatumia la kale. Kuna waliojaza sanduku la posta, na sanduku la posta halina mlango wala kitanda. Hao ilibidi awapigie simu mmoja mmoja. Alitenganisha mtaa na maelezo mengine, akaongeza jina la mji na la nchi kwenye kila mstari, akaubana mtambo usitafute nje ya mkoa, kisha akapakia tena zile zilizoshindikana tu. Zikabaki mia tatu na nne.

Hizo mia tatu na nne hazikuwa anwani. Zilikuwa hadithi. "Ukifika kwa muuza mkaa uliza." "Nyumba ya pili baada ya ile iliyoungua." "Karibu na mti ulioanguka." Hakuna mtambo duniani utakaozisoma hizo. Alikuwapo mtu mmoja tu wa kuzisoma, na mtu huyo alikuwa anapakia mitungi nje ya dirisha.

Basi Mzee Kona akawa anaingia chumba cha pembeni kila alasiri akishamaliza mzunguko wake. Anavua kofia, anavuta kiti, anaitazama picha ya mji iliyopigwa kutoka angani kana kwamba amekutana na mdeni wake.

"Huyu wa mti ulioanguka," anasema Bi Mistari.

"Huyo ni fundi saa. Mti ulianguka, wakaupasua kuni, wakaupikia, ukaisha. Leo wanakaa karibu na kumbukumbu ya mti. Sogeza juu. Juu nimesema, huko siko."

"Mjomba, hapa ndipo juu. Kaskazini."

"Kaskazini kwa kompyuta yako. Juu ni kule gari linakopanda kwa gia ya pili. Umesoma bure wewe."

Anacheka, naye anacheka, na nukta inapatikana. Bi Mistari alikuwa na utaratibu wake: haandiki kwenye jedwali palepale. Anaweka mshale juu ya paa, ananakili tarakimu kwenye daftari pamoja na tarehe, kesho yake anampigia mteja kuthibitisha, ndipo anaingiza, na kwenye safu ya hali anaandika "mkono", kila atakayefuata ajue kwamba nukta hiyo haikutoka kwenye mtambo. Hata siku ile walipofika kwenye mstari wa mteja aitwaye Mwalimu alifanya hivyo.

Mstari wa Mwalimu ulisema: "Nyuma ya shule ya zamani, geti la kijani, uliza Mwalimu." Alikuwa mwanamke mstaafu, mjane, anaishi peke yake na mapafu yaliyochoka.

"Shule ilibomolewa," alisema Mzee Kona. "Geti wamelipaka rangi nyeusi kama ya wenzao. Na wapangaji wa siku hizi ukiwauliza Mwalimu, wanakuuliza wa nini. Lakini mimi namfikia nimefumba macho. Pita gereji ya matairi, acha uchochoro wa kwanza, ingia wa pili, bati jekundu. Hapo. Hapo hapo. Huyo mama akinisikia nikiongea ananisahihisha. Miaka saba nampandishia mitungi, miaka saba ananipa sufuri."

Bi Mistari akaandika tarakimu kwenye daftari. Kesho yake simu ya Mwalimu haikupatikana. Namba iliyokuwa kwenye jedwali ilikuwa ya bintiye aliyehama. Akamwuliza tena Mjomba, Mjomba akaapa. Ilibaki kuingiza tu.

Ni siku hiyo hiyo Meneja alipopita. Si mtu mbaya Meneja, na laiti angekuwa mbaya ingekuwa nafuu kumchukia. Alisimama nyuma ya kiti, akatazama hesabu iliyo juu ya jedwali, zimebaki mia na ishirini na moja, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mungu akubariki kwa kazi hii," alisema. "Nimeshaongea na wakubwa. Zitakazobaki bila nukta tutaziacha kwenye gari la Mzee Kona, njia ya zamani. Zikiisha, njia tunaifunga, na mzee tunampumzisha. Amechoka, unamwona mwenyewe. Umri umekwenda."

"Anampumzishwa lini?" Ulimi ulimteleza Bi Mistari hata kauli ikatoka kombo, na Meneja hakugundua.

"Mwisho wa mwezi ambao hesabu itafika sifuri. Hatumfukuzi, usinielewe vibaya. Ataagwa vizuri."

Alipoondoka, Bi Mistari alibaki akiitazama ile hesabu juu ya jedwali. Alijua kitu kimoja tu, na kilimjaa kifuani: kila mstari anaousafisha unamsogeza Mama kwenye kitanda kisicho na mashine. Na Mjomba mwenyewe ndiye anayemsomea, alasiri baada ya alasiri, huku akicheka.

Hakumwambia. Alimjua. Mjomba angesema andika, kwa sababu Mjomba ni mtu wa kusema andika.

Aliendelea kuingiza nukta, kwa mwendo wa konokono, ili isionekane amesimama ghafla. Mia na ishirini na moja zikawa tisini, zikawa sitini. Zilipofika thelathini na nane, akaacha. Thelathini na nane zilitosha kujaza gari moja wiki nzima. Pungufu ya hapo Meneja angezigawa kwa madereva wengine. Kwenye daftari zote zilikuwamo, tarakimu kamili, tarehe, kila kitu. Kwenye jedwali, safu ya hali iliendelea kusema "haijapatikana". Yule ambaye haachi mstari akawa anaacha thelathini na minane kila siku, na kila siku akijipa moyo kwamba hakuna anayeumia. Wateja wanapata mitungi yao. Mjomba anawapelekea, kama alivyowapelekea miaka yote. Ubaya uko wapi?

"Hizi zimekuwa sugu," alimwambia Meneja.

"Tutaziweza," alisema Meneja.

Zikapita wiki tatu. Mjomba aliamini kazi imekwisha, akaacha kuja alasiri. Alimtania mara moja uwanjani kwamba siku hizi kompyuta imemnyang'anya mpwa wake, na Bi Mistari akacheka kicheko kisichofika machoni.

Jumanne ya wiki ya tatu Mama alianguka bafuni asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mashine. Mzee Kona akapiga simu kuomba ruhusa, akampeleka hospitali mwenyewe akabaki naye wodini. Meneja alimpa ruhusa bila neno. Orodha ya njia ya zamani akampa dereva mpya, mtu wa makamo anayeitwa Miwani, mzuri wa kazi ila maneno mengi. Alikuwa hajawahi kuendesha bila simu kumwelekeza.

Saa tisa alasiri Meneja alikuwa chumba cha pembeni akipitia ripoti. Simu ya mezani ikalia, Bi Mistari akaiweka sauti ya wazi kama kawaida yao.

"Bi Mistari, nimekwama," ilisema sauti ya Miwani. "Huyu wa geti la kijani. Mageti huku yote meusi. Shule yenyewe siioni. Nawauliza watu Mwalimu, wananiangalia tu. Simu yake haipatikani. Una nukta yoyote huko?"

Daftari lilikuwa chini ya kiwiko chake. Alihisi ukingo wa jalada ukimchoma ngozi. Meneja aliinua macho kutoka kwenye karatasi, si kwa kushuku, kwa kungoja tu.

"Sina," alisema. "Huyo ni wa Mzee Kona."

"Mzee simu yake imezimwa."

"Yuko wodini."

"Basi nina wengine kumi na mmoja, nisichelewe. Mtungi wake narudi nao, ataletewa kesho."

Hapo ndipo ningependa kusema kwamba ilikuwa ni sekunde moja, mdomo umetangulia akili, binadamu hukosea. Haikuwa hivyo. Meneja alipotoka, Bi Mistari alichukua simu yake mwenyewe, akafungua daftari, akamwandikia Miwani namba zote mbili. Akaweka kidole juu ya kitufe cha kutuma. Ndipo alipomfikiria Miwani na mdomo wake, jinsi atakavyorudi uwanjani akisimulia kwamba nukta ilikuwapo, karani alikuwa nayo. Akawaza kwamba kila mteja ana mtungi wa akiba. Akawaza kwamba kesho si mbali. Akafuta tarakimu moja baada ya nyingine, akaenda kuosha kikombe.

Mtungi wa akiba wa Mwalimu ulikuwa umefunguliwa tangu Jumapili. Hilo halikuwa na safu kwenye jedwali.

Jumatano Mzee Kona alirudi kazini. Mama alikuwa amezinduka, amefanyiwa mashine, wamemruhusu. Alisikia habari ya Mwalimu kwa Miwani pale getini, hakuomba chai, akapakia mtungi na kuondoka. Alirudi baada ya saa moja na mtungi bado uko garini. Majirani walimweleza kwamba jana jioni walimsikia Mwalimu akigonga ukuta. Walimbeba kwenye gari la muuza mbao, gari lenyewe halina viti vya nyuma, wakamfikisha hospitali akiwa bado anapumua.

Alhamisi simu ya mezani ililia, na Bi Mistari akaipokea mwenyewe. Namba ilikuwa ngeni. Sauti ilikuwa ya mwanamke, tulivu, imekauka.

"Naomba mlifute jina la mama yangu, yule Mwalimu, kwenye orodha yenu. Amefariki alfajiri. Msije mkasumbuka kumletea."

"Pole sana, dada," alisema Bi Mistari.

"Ahsante. Madaktari wanasema mapafu yalikuwa yamechoka tangu zamani. Nilitaka tu mfahamu."

Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya mtungi. Hakuna aliyesema sivyo. Bi Mistari alirudisha simu mahali pake, akaenda chooni, akafungua bomba hadi mwisho ili maji yapige kelele, akalia humo mpaka mtu akagonga.

Ijumaa, saa tisa na nusu, Mzee Kona aliingia chumba cha pembeni. Alikuwa amemrudisha Mama nyumbani kutoka kwenye mashine. Alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavuta kile kiti chake. Kofia hakuivua.

"Lete daftari," alisema.

Alimpa. Mzee alilowesha kidole, akafunua kurasa polepole hadi alipofika.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mwalimu."

"Tarehe yake?"

Tarehe ilikuwa imeandikwa pale, kwa mwandiko wake mzuri.

"Miwani anasema alikuuliza ukasema huna. Nikasema Miwani ni mwongo, nikamtukana mbele za watu. Nimekaa siku mbili naitafuta njia ya Miwani kuwa mwongo." Aligeuza ukurasa. "Na hizi nyingine zote?"

"Zipo kwenye daftari tu. Thelathini na nane."

"Kwa nini?"

"Meneja alisema zikiisha wanakupumzisha." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto wa darasa la tatu. "Kadi ya Mama inaondoka na wewe, Mjomba. Ningefanyaje?"

Nje mitungi iligongana, mtu akamwita mwenzake, lori likarudi nyuma likilia.

"Hukuniambia."

"Ungesema niandike."

"Ningesema uandike," alisema. "Ndiyo. Na usiku tungekaa mimi, wewe na mama yako tukavunja vichwa tutafanyaje. Tungekuwa na wiki zote hizi za kutafuta. Umetunyima hizo. Hizo nazisamehe." Alirudi kwenye ukurasa wa Mwalimu. "Lakini mimi nilikuwa nimemshika mke wangu mkono pale wodini, namwombea apumue. Na wakati ule ule umenifanya nimnyime pumzi mama wa mtu. Kwa jina langu. Bila mimi kujua. Mtu kama huyu anaombaje msamaha? Aende kwa nani?"

Bi Mistari alitamani Mjomba amtukane, maana matusi yake aliyazoea, yana joto ndani yake. Hakumtukana.

"Fungua jedwali," alisema. "Andika."

Wakaandika. Mzee alisoma kutoka kwenye daftari, yeye akaingiza: latitudo, longitudo, hali, mkono. Kila walipomaliza mstari, hesabu ya juu ilipungua kwa moja, na wote wawili waliiona ikipungua. Fundi saa mwingine. Mama wa mapacha. Nyumba ya pili baada ya ile iliyoungua. Mzee aliwasoma wote kwa sauti moja kavu, bila kumtania hata mmoja.

Ikabaki moja.

"Huyu nimfute?" aliuliza Bi Mistari. "Binti yake aliomba."

"Usimfute. Weka nukta yake. Kisha kwenye hali andika amefariki, na tarehe. Ukimfuta, kesho mtu atahesabu aone tulishindwa wateja thelathini na saba, na wote wako salama."

Aliweka. Hesabu ikasoma sifuri.

"Nakwenda kumwambia Meneja," alisema akiinuka. "Nitamwambia yote. Nilikuwa nayo nikamkatalia Miwani."

"Kaa chini."

"Mjomba, siwezi kukaa nayo hii."

"Utakaa nayo. Mimi pia nitakaa nayo. Ukimwambia leo, leo hii wanakutoa. Mimi wananitoa mwisho wa mwezi. Nani atabaki na kazi kwenye nyumba ile? Nani atampeleka mama yako?" Alisema hivyo akiangalia ukuta. "Usidhani nakuokoa wewe."

Mlango ukafunguliwa kabla hajajibu. Meneja aliingiza kichwa, akaona skrini, uso ukamchanua.

"Sifuri? Mmeziweza zote?" Aliingia akampa Mzee Kona mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Nilijua ni mzee tu atakayezimaliza. Basi mwisho wa mwezi huu tunafunga ile njia, mzee wangu. Umetufaa sana. Jumatatu pita ofisini kwangu tuzungumze habari za kukuaga."

"Nimesikia, bosi."

"Na wewe, Bi Mistari, jiandae. Tawi la pili wana wateja elfu tano, anwani zao zimevurugika kuliko zetu. Nimewaambia ninaye mtu."

Akaondoka, anapiga mluzi. Mzee Kona alisimama, akashika ukingo wa meza mpaka magoti yakakubali. Kwenye kalenda ya ukutani alianza na Jumamosi ya kesho yake, akahesabu kwa kidole hadi mwisho wa mwezi, midomo inacheza. Siku kumi na moja. Akarudi mwanzo, akahesabu upya, safari hii akigusa Jumanne na Ijumaa peke yake.

"Mara tatu," alisema.

Kisha akafungua mlango, akatoka kwenda kupakia mitungi ya alasiri.